Jedwali linalokataa: kuzuia matumizi ya mradi yasivuke bajeti

Mwezi Oktoba 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua matumizi ya Shilingi trilioni 1.3, mkopo kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa uliotolewa wakati wa Uviko-19. Sehemu ya fedha hizo ilikwenda kujenga madarasa 15,000, na kila darasa lilipangiwa Shilingi milioni 20, pamoja na viti na meza za wanafunzi. Tangu hapo maneno "darasa la milioni 20" yamekaa midomoni mwa watu. Kazi ilifanyika kwa fosi akaunti: hakuna mkandarasi mkubwa, bali shule yenyewe inanunua vifaa na kuingia mkataba na fundi wa mtaani, chini ya kamati ya ujenzi, kamati ya manunuzi na kamati ya mapokezi zenye wazazi na walimu ndani yake.

Kwa mwanakamati, ugumu wa utaratibu huo ni kwamba milioni 20 haiongezeki. Bei ya saruji ikipanda, milioni 20 ni ile ile. Lori la kokoto likikwama njiani kati ya Same na Maore na mwenye lori akadai nyongeza, milioni 20 ni ile ile. Na pengo likitokea huwa halionekani kwenye msingi wala kwenye ukuta. Linaonekana mwishoni, kuta zimesimama na bati lipo juu, halafu hakuna hela ya madawati. Hapo ndipo mwenyekiti wa kijiji anapoitisha mkutano na wazazi wanaombwa wachange tena.

Kamati nyingi sasa zinaandika matumizi kwenye kompyuta ya shule au kwenye simu, kwa Excel au Google Sheets. Wengi wanaliacha jedwali hilo lifanye kazi ya daftari tu, yaani kujumlisha. Lakini linaweza kuagizwa jambo moja zaidi: mtu akiandika kiasi ambacho kitafanya jumla ya safu nzima ivuke bajeti, likatae kukipokea. Kwenye Excel kazi hiyo inaitwa Data Validation. Makala hii inaeleza namna ya kuiweka, na hasa namna inavyoweza kukuangusha ukiiweka vibaya, kwa sababu kinga iliyokosewa inaonekana sawasawa na ile iliyo sahihi mpaka siku fedha zimepita.

Jedwali lenyewe

Tuchukue mfano wa darasa moja linalojengwa Maore. Bei nitakazotaja ni za kupigia hesabu tu, usiende nazo dukani. Safu ya A ina tarehe, safu ya B ina maelezo, na safu ya C ina kiasi kwa shilingi. Matumizi yanaanza mstari wa 5 na tumeacha nafasi mpaka mstari wa 40. Juu kulia, kwenye kisanduku F1, tumeandika bajeti: 20000000. Chini yake, F2, tunaweka salio, ili kila anayefungua faili alione kabla ya kufanya lolote:

```
=F1-SUM(C5:C40)
```

Sasa kinga yenyewe. Fanya hatua hii kwenye kompyuta, si kwenye simu. Ukishaiweka mara moja inakaa ndani ya faili. Chagua visanduku kuanzia C5 kushuka mpaka C40, ukianzia juu ili C5 kiwe ndicho kisanduku cheupe ndani ya eneo ulilochagua. Fungua Data, kisha Data Validation. Penye Allow chagua Custom, na kwenye nafasi ya Formula andika:

```
=SUM($C$5:$C$40)<=$F$1
```

Maana yake ni hii: jumla ya C5 mpaka C40 iwe ndogo kuliko F1 au ilingane nayo. Excel hulipima sharti hilo kana kwamba kiasi unachoandika kimeshaingia, kwa hiyo usiongeze kisanduku kipya pembeni ya jumla. Wapo wanaoandika jumla kisha wanajumlisha tena C5, wakidhani kiasi kipya hakijahesabiwa. Matokeo yake kiasi hicho kinahesabiwa mara mbili, na jedwali linaanza kukataa matumizi halali wakati fedha bado zipo.

Kabla ya kubonyeza OK, toa tiki kwenye Ignore blank. Wengi hawaigusi sehemu hii. Tiki ikibaki, na kisanduku kinachotegemewa na sharti kikiwa kitupu, Excel inaweza kuruhusu kiasi chochote. Mtu akifuta F1 kwa bahati mbaya, kinga yako imekwisha na hakuna ujumbe wowote utakaotokea.

Kisha fungua Error Alert. Penye Style hakikisha ni Stop. Kuna nyingine mbili, Warning na Information, na zote mbili zinamwachia mwandishi njia ya kuendelea. Ukichagua Warning anaulizwa tu kama anataka kuendelea, na mtu mwenye haraka atabonyeza Yes. Kwenye Stop, kiasi hakiingii. Hapo hapo andika ujumbe wa Kiswahili, mfano: "Kiasi hiki kinavuka bajeti ya darasa. Angalia salio F2, kisha wasiliana na mwenyekiti wa kamati." Usipoandika chochote, mwekahazina atakutana na sentensi ya Kiingereza isiyomwambia tatizo ni nini, naye atadhani kompyuta imeharibika.

Wanaotumia Google Sheets wafungue Data, Data validation, kisha Add rule. Penye sharti wachague Custom formula is na kuandika fomula ile ile. Chini, penye Advanced options, wachague Reject the input. Wakiacha Show a warning, kiasi kitaingia na kuwekewa alama tu pembeni.

Hela za madawati

Sasa tuijaze. Tofali 1,800 kwa Shilingi 1,500 ni 2,700,000. Saruji mifuko 150 kwa 18,000 ni 2,700,000 nyingine. Mchanga, mawe na kokoto 1,900,000. Nondo 1,350,000. Fundi, malipo ya awali, 2,000,000. Mbao za kenchi 2,150,000. Mabati na misumari 2,600,000. Madirisha na mlango 1,600,000. Jumla imefika 17,000,000 na kisanduku F2 kinaonyesha salio la 3,000,000.

Siku inayofuata mwekahazina anaandika viti na meza: seti 50 kwa Shilingi 65,000, yaani 3,250,000. Jedwali linakataa, kwa sababu jumla ingekuwa 20,250,000.

"Mwalimu, limegoma."

"Linasemaje, mama?"

"Linasema inavuka bajeti."

Imezidi kwa 250,000. Kamati inaweza kurudi kwa seremala na kuomba bei ishuke mpaka 60,000 kwa seti. Akikubali ni 3,000,000 kamili, jedwali linapokea, na F2 inabaki sifuri. Kwa hesabu, kazi imekwisha.

Lakini tazama mstari wa fundi. Zile 2,000,000 zilikuwa malipo ya awali. Mkataba wake katika mfano wetu ni 3,500,000, na 1,500,000 iliyobaki haijaandikwa popote kwa sababu bado hajalipwa. Rangi nayo haijanunuliwa. Jedwali linasema tumefika sifuri bila deni, wakati ukweli ni kwamba fundi anadai milioni moja na nusu na fedha yake imekwenda kwenye madawati. Kinga ilifanya kazi yake bila kosa, ila haikujua kuna deni.

Kwa maoni yangu hapa ndipo penye faida kubwa ya jedwali hili au hasara yake. Likijazwa baada ya kulipa, linakataa kuandika jambo ambalo limeshatokea. Hela imetoka, risiti ipo mkononi, na jedwali linakuzuia kusema kweli. Mwekahazina wa namna hiyo atafanya nini? Atapunguza tarakimu ili ipite, au ataacha mstari wazi. Ndipo hesabu zinapoanza kupishana na risiti.

Kwa hiyo safu ya C isiwe ya fedha zilizolipwa, iwe ya fedha zilizoahidiwa. Siku fundi anaposaini mkataba, andika 3,500,000 nzima. Siku kamati ya manunuzi inapokubaliana bei na mwenye duka, andika kabla oda haijatoka. Malipo yanayotoka kwa awamu yawekwe kwenye safu nyingine, D, isiyohusika na kinga hii. Rudia mfano wetu kwa namna hiyo: baada ya madirisha jumla ingekuwa 18,500,000 na salio 1,500,000. Kamati ingejua kabla ya kumfuata seremala kwamba haina fedha za seti 50 hata kwa bei ya 60,000. Na ingejua hivyo mapema zaidi kama madawati yenyewe yangeandikwa kama makadirio tangu siku ya kwanza, kisha kiasi kirekebishwe bei halisi ikipatikana. Kurekebisha hakuna shida, kwani ukibadilisha kiasi cha zamani jedwali linaondoa cha mwanzo na kupima jumla kwa kipya.

Alama ya dola

Tukirudi kwenye fomula, alama ya $ si pambo wala si hela ya Marekani. Inaiambia Excel isisogeze anwani. Ukiandika bila hiyo, C5:C40 na F1, sharti litakuwa sahihi kwa C5 tu. Ukishuka C6, Excel inasogeza kila kitu hatua moja: inajumlisha C6 mpaka C41 na kulinganisha na F2. Kwenye C12 inajumlisha C12 mpaka C47, na matumizi saba ya mwanzo yameachwa nje. Kiasi chochote kinaweza kuingia pale, au kukataliwa bila sababu.

Kupima ni rahisi. Simama kwenye kisanduku cha katikati, tuseme C20, fungua Data Validation tena na usome fomula. Inapaswa kusema $C$5:$C$40 na $F$1, vile vile kama ulivyoandika. Ikiwa tarakimu zimebadilika, dola hazikuwepo. Halafu fanya jaribio la pili, ambalo mimi naliamini kuliko la kwanza: andika 99000000 kwenye kisanduku cha juu kilicho wazi, kisha kwenye cha mwisho kabisa, C40. Vyote viwili vikatae. Angalia pia kwamba chini ya mstari wa 40 hakuna kinga kabisa. Mistari ikiisha, ongeza mistari mipya katikati ya jedwali, usiandike kwenye wa 41.

Ile /= tunayoizoea

Sisi tumefundishwa tangu darasa la pili kuandika bei hivi: 3,250,000/=. Kwenye karatasi ni sahihi, na inamzuia mtu asiongeze tarakimu mbele. Kwenye jedwali ni balaa. Excel ikiona ile /= haioni namba tena, inaona maneno. Na SUM ikijumlisha safu huyaruka maneno. Kwa hiyo mtu akiandika 3,250,000/= wakati salio ni 3,000,000, jedwali litapokea bila neno, na salio halitapungua hata senti moja. Hali ni hiyo hiyo kwa "milioni 3" au kwa herufi O iliyowekwa mahali pa sifuri.

Utaitambua kwa jicho: namba husimama upande wa kulia wa kisanduku, maneno husimama kushoto. Kisanduku kimoja kikiegemea kushoto wakati vingine vyote viko kulia, kiandike upya. Lakini ni afadhali kinga yenyewe idai namba, na idai iwe kubwa kuliko sifuri:

```
=AND(ISNUMBER(C5),C5>0,SUM($C$5:$C$40)<=$F$1)
```

Safari hii C5 haina dola, kwa makusudi. Tunataka kila kisanduku kijipime chenyewe, C6 kipime C6, C20 kipime C20, wakati jumla na bajeti zinabaki pale pale.

Sharti la kuzidi sifuri lina sababu yake. Bila hilo, mtu aliyekataliwa anaweza kuandika mstari mmoja wa -300000, akauita "marekebisho", na nafasi ikapatikana. Jumla itakuwa chini ya bajeti na kinga haitasema kitu. Kama kweli kuna fedha iliyorudi, mfano mwenye duka kuchukua nondo zilizobaki, rekebisha kiasi cha mstari wa nondo na uandike sababu kwenye maelezo.

Isipozuia

Kinga hii inashtuka pale tu mtu anapoandika kwa kidole chake ndani ya kisanduku. Kwenye Excel, kiasi kilichonakiliwa mahali pengine na kubandikwa hakipimwi, tena ule ubandikaji unaweza kuifuta kinga iliyokuwa kwenye kisanduku hicho. Kuburuta kisanduku kimoja kwenda chini ili kijirudie nako hakupimwi. Vile vile, kama safu ya C ina fomula inayozidisha idadi kwa bei, matokeo yakibadilika hakuna kinachokataliwa, kwa sababu hakuna aliyeandika pale. Katika jedwali la namna hiyo weka kinga kwenye safu ya idadi na safu ya bei, na sharti liendelee kutazama jumla ya safu ya C.

Tena, kinga haiangalii nyuma. Halmashauri ikileta barua kwamba mnapata 18,000,000 badala ya 20,000,000, nanyi mkabadilisha F1 wakati mmeshaandika 19,000,000, hakuna mstari utakaojifuta. Jedwali litaanza tu kukataa mistari mipya, na F2 itaonyesha -1000000.

Kwa hiyo weka kisanduku kimoja cha kuangalia, tuseme F3, kisichotegemea kinga hata kidogo:

```
=IF(SUM(C5:C40)>F1,"IMEVUKA","SAWA")
```

Na kingine, F4, kinachohesabu visanduku vyenye maandishi yasiyo namba:

```
=COUNTA(C5:C40)-COUNT(C5:C40)
```

F4 inatakiwa kuwa 0 wakati wote. Ikionyesha 1, kuna kiasi kimoja ambacho hakijajumlishwa, nawe tafuta kinachoegemea kushoto.

Kisanduku F1 nacho kifungwe, la sivyo njia fupi ya kuvuka bajeti ni kuibadilisha bajeti. Chagua visanduku vya A5 mpaka D40, fungua Format Cells, penye Protection toa tiki ya Locked, kisha nenda Review na Protect Sheet uweke neno la siri. Mistari ya matumizi itaandikika, lakini F1 na fomula zake hazitaguswa. Neno hilo la siri akae nalo mwalimu mkuu au mwenyekiti wa kamati, si yule anayejaza. Msitegemee kufuli hili kuzuia mtu mwenye nia mbaya na ujuzi, kwani kwenye Excel linavunjika. Linazuia makosa na vishawishi vidogo.

Jambo la mwisho ni WhatsApp. Faili la Excel likitumwa kwenye kundi la kamati, kila anayelifungua na kuandika ana nakala yake, na kinga ya kila nakala inaijua nakala yake tu. Katibu akiandika milioni 2 za mbao kwenye simu yake, na mwekahazina akaandika milioni 2 za bati kwenye yake, wakati salio lilikuwa milioni 3, majedwali yote mawili yatakubali, kila moja likionyesha salio la milioni 1. Faili liandikwe na mtu mmoja mahali pamoja, na kwenye kundi itumwe picha ya jedwali badala ya faili. Wenye Google Sheets wanaweza kufungua jedwali moja kwa pamoja, mradi mtandao uwepo wakati wa kuandika. Kwa wale walio milimani ambako mtandao unakuja na kwenda, njia ya picha na mwandishi mmoja ndiyo naipendekeza. Kila picha iwe na F1, F2, F3 na F4 ndani yake, na wajumbe wailinganishe na risiti za EFD na mikataba iliyopo kwenye faili la karatasi.